Salama, Ila…

Ukifika nyumbani kwa Msukuma atakuuliza, "Mhola?" Nawe utajibu, "Mhola duhu." Maana yake ni kwamba kuna amani, kuna uzima, hakuna baya. Utajibu hivyo hata kama umetumwa kuleta taarifa ya msiba. Waswahili wengine nao hawako mbali na hapo. Tunaulizwa habari za huko, tunajibu kuwa ni nzuri, kisha linafuata lile neno dogo "ila", na baada ya "ila" ndipo tunaposikia kwamba baba hatunaye.

Mtu aliyelelewa kwingine akisikia mazungumzo ya namna hiyo hudhani amedanganywa. Habari zinawezaje kuwa nzuri na baba amekufa? Kwetu salamu haijibu swali la habari. Inamfungulia mgeni mlango, inampa nafasi ya kukaa, na inampa mwenyeji muda wa kumtazama usoni. Msukuma akisikia "mhola" yenye sauti nzito, tayari ameanza kujiandaa.

Lakini je, utaratibu huo unafaa mahali pote na kwa kila mtu? Nauliza kwa sababu sisi tunaoishi ukanda huu wa dhahabu, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita, tunapeleka taarifa za vifo mara nyingi kuliko tunavyopenda, na tunazipeleka kwa watu wasiofanana. Kwenye machimbo ya Geita utawakuta Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa, Waha na Wakurya, na katika migodi mikubwa wamo wageni kutoka nje ya nchi. Mmoja anataka baya lisemwe kwanza, maelezo yafuate. Mwingine ukimwambia baya kabla ya maelezo anaona umemtupia jiwe.

Maandiko yanacho kisa kinachogusa jambo hili hili, nacho kimo katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 18. Mfalme Daudi ameketi langoni akisubiri habari za vita. Mwanawe Absalomu amemwasi, na jeshi la mfalme limekwenda kupambana naye. Mlinzi anamwona mtu akikimbia peke yake, na Daudi anasema kwamba akiwa peke yake basi ana habari. Tazama, kabla mjumbe hajafungua kinywa, mfalme ameshaanza kusoma dalili.

Mjumbe wa kwanza ni Ahimaazi. Neno lake la kwanza kwa Kiebrania ni shalom, yaani amani, ndiyo "mhola" yetu. Kisha anaeleza kwamba Mungu amewashinda maadui wa mfalme. Daudi hashiki ushindi huo hata kidogo. Anauliza kama kijana Absalomu yuko salama, na katika Kiebrania swali lake linatumia neno lile lile la amani. Hata jina la Absalomu limebeba neno hilo. Ahimaazi anakwepa. Anasema aliona ghasia kubwa lakini hakujua ni nini, ingawa Yoabu alikwisha kumwambia kwamba mwana wa mfalme amekufa.

Halafu anafika Mkushi. Naye anaanza na ushindi, naye anaulizwa swali lile lile. Hatamki neno "amekufa". Anawaombea maadui wote wa mfalme wawe kama kijana yule. Daudi anaelewa papo hapo, anapanda chumba cha juu ya lango akilia.

Wajumbe wote wawili walitanguliza maelezo, na wote walianza na ushindi, kwa sababu walifikiri wanazungumza na mfalme. Kwa mfalme habari kubwa ilikuwa kwamba ufalme umepona. Lakini aliyeketi pale langoni siku ile alikuwa baba, na kwa baba habari ilikuwa moja tu. Kabla ya kuamua utangulize lipi, jiulize huyu anayekusikiliza yuko mbele yako kama nani. Mtu yule yule anaweza kuwa mwenye duara asubuhi na mjomba wa marehemu jioni, na taarifa ile ile ikahitaji mpangilio mwingine.

Tofauti ya wajumbe hao wawili ilionekana pale swali lilipoulizwa. Mkushi alijibu kwa lugha ya mzunguko ambayo mtu wa jumba la mfalme aliielewa mara moja. Ahimaazi aliulizwa waziwazi, akasema hajui ilhali anajua. Kutanguliza maelezo kunaruhusiwa mpaka mtu aulize. Akishauliza, maelezo yamefika mwisho.

Sasa tushuke kwenye maduara yetu. Kwa msomaji asiyeyajua, duara ni shimo la wachimbaji wadogo, ambalo mara nyingi huchimbwa wima kwenda chini kisha linafuata mwamba wenye dhahabu kwa pembeni. Kuta zake hushikiliwa na miti tunayoiita matimba. Mvua ikilowesha udongo au matimba yakiwa machache, shimo hutitia na kifusi huziba njia ya kutokea. Hapo ndipo taarifa huanza kusafiri, na neno la kwanza linalosafiri ni "amefukiwa".

Neno hilo ni la hatari, kwa sababu msikilizaji hulisikia kama "amekufa". Mwezi Oktoba 2015, wachimbaji sita walifukiwa katika machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama. Siku zilipita, wiki zikapita. Tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41, watano kati yao walitolewa wakiwa hai. Walikuwa wameishi gizani kwa kula wadudu na vyura. Aliyekimbilia kumwambia mzazi kwamba mwanawe amekufa alikuwa ametoa taarifa ambayo hakuwa nayo.

Mambo hayaendi hivyo kila mara. Agosti 11, 2025, watu 25 walifukiwa katika mgodi wa Nyandolwa, mkoani Shinyanga. Wachache waliokolewa, na kazi ya kuitafuta miili ya wengine iliendelea kwa siku nyingi huku ndugu wakisubiri. Mtu anayesubiri pale kifusini ana hali tofauti kabisa na aliye mbali. Yeye maelezo yote anayo. Ameona mashine zikichimba na ameona machela zikipita. Ukianza kumsimulia jinsi shimo lilivyotitia unamchosha na kumwongezea hofu bure. Huyo mwite pembeni, mtaje mtu wake kwa jina, umwambie amepatikana na amefariki, halafu unyamaze. Lakini mama yake aliyeko kijijini, ambaye asubuhi alikuwa anapepeta mpunga bila kujua lolote, hana hata ngazi moja ya kukanyagia.

Tuchukue mfano, usiomhusu mtu yeyote ninayemfahamu. Kijana wa miaka 24 anafanya kazi kwenye duara moja huko Geita. Saa tano asubuhi kifusi kinamwangukia. Wenzake wanamtoa, wanamkimbiza hospitali, na saa saba daktari anathibitisha kwamba amefariki. Mtu mmoja, tuseme msimamizi wa duara, ana watu watatu wa kuwapa taarifa.

Wa kwanza ni Afisa Madini Mkazi pamoja na polisi. Hawa waandikiwe au wapigiwe hivi: "Mchimbaji mmoja amefariki leo baada ya kuangukiwa na kifusi ndani ya duara saa tano asubuhi. Wenzake wawili wametoka salama, hakuna mwingine aliyebaki ndani. Duara tumelifunga. Mwili uko hospitali." Baya ndilo sentensi ya kwanza kabisa, kwa sababu anayeisoma anatakiwa kutenda. Anataka kujua kama bado kuna mtu ndani, kama waokoaji watoke, kama eneo lifungwe. Msimamizi akianza na salamu ndefu, historia ya duara na jinsi mvua ilivyonyesha wiki nzima, afisa atasoma mistari mitano kabla hajajua kwamba kuna kifo. Tena atahisi kwamba msimamizi anajitetea, na mara nyingi atakuwa amehisi sawasawa. Maelezo yaliyotangulizwa kwa ajili ya kumlinda msemaji hujulikana haraka.

Wa pili ni kaka wa marehemu, kijana mfanyabiashara aliyeko Dar es Salaam. Huyu apigiwe simu, asitumiwe ujumbe. Kijana wa mjini hana subira ya mizunguko. Ukimwambia "kaka, kuna mambo kidogo huku", atakukatiza. Lakini kabla ya kumwambia kuna maswali mawili ya lazima: uko wapi, na uko na nani? Kama anaendesha gari, mwombe asimame pembeni. Maswali hayo yenyewe ni utangulizi tosha, maana akishaulizwa alipo anajua kinachokuja si kizuri. Kisha useme: "Kaka, nina taarifa mbaya sana. Mdogo wako amefariki mchana huu kwa kuangukiwa na kifusi." Halafu mwache aulize mwenyewe. Atauliza ilikuwaje, na hapo ndipo maelezo yatakapomwingia.

Wa tatu ni mama, kijijini Shinyanga. Hapa ndipo penye kazi. Huyu hapigiwi simu kama ipo njia nyingine yoyote. Kwanza atafutwe wa kwenda. Anayefaa ni mtu ambaye kwa mila anaweza kukaa naye chini, kwa mfano kaka yake, yaani mjomba wa marehemu, pamoja na mama mmoja wa jirani au wa jumuiya. Wawili au watatu wanatosha. Kumbuka Daudi na dalili zake: wanaume sita wakishuka kwenye gari ndogo kwa pamoja uani kwa mama mmoja, taarifa imeshafika kabla yao, na maneno yao mazuri hayatasikika kwa kilio.

Wakifika wasalimie, kwa sababu kutosalimia ndilo litakuwa tusi la kwanza la siku hiyo. Wahakikishe mama amekaa. Wasikubali kupikiwa. Halafu mjomba aseme kwa sauti ya kawaida, akienda hatua kwa hatua: "Dada, tumetumwa kutoka Geita. Leo asubuhi kifusi kilianguka kwenye duara alilokuwa anafanyia kazi mwanetu. Kilimwangukia. Wenzake walimtoa wakamkimbiza hospitali, na madaktari wakajitahidi. Dada, mwanetu amefariki."

Hesabu sentensi hizo. Hazizidi sita, na kila moja ni nzito kuliko iliyotangulia. Hakuna hata moja inayompa mama tumaini litakalomlazimu kuanguka kutoka juu zaidi. Mjomba hakusema "aliumia kidogo". Hakusema "madaktari wanaendelea naye". Maelezo yanayotangulia yanatakiwa kumshusha mtu kuelekea chini, na yote yawe ya kweli. Ukipitisha dakika mbili au tatu ukiwa bado hujafika kwenye neno lenyewe, umeanza kumtesa. Utajua kwa macho yake. Ataacha kukusikiliza, ataanza kuwatazama wenzako mmoja mmoja. Na akikukatiza kwa kuuliza, "Yuko hai?", hata kama uko kwenye sentensi ya pili, ruka zote zilizobaki umjibu.

Na neno lenyewe litamkwe. Tunayo maneno mengi ya kupunguza ukali: ametutoka, ametangulia, amelala. Sina ugomvi nayo kwenye mahubiri ya mazishi. Lakini katika kutoa taarifa kwa mara ya kwanza yanaweza kukwama. Katika Injili ya Yohane, sura ya 11, Yesu aliwaambia wanafunzi wake kwamba rafiki yao Lazaro amelala, nao wakadhani mgonjwa akipata usingizi atapona. Ikabidi awaambie waziwazi kwamba Lazaro amekufa. Kama wale waliokaa na Bwana wenyewe hawakuelewa, sembuse mama aliyeshtushwa.

Msomaji mmoja anaweza kusema kwamba mambo haya ya kuzunguka ni ya kishamba na kwamba watu wa sayansi husema moja kwa moja. Si kweli. Madaktari wanao utaratibu wao wa kutoa habari mbaya, uliochapishwa mwaka 2000 na akina Walter Baile na Robert Buckman, ambao walikuwa wakihudumia wagonjwa wa saratani huko Marekani na Kanada. Nao unaanza na kutafuta mahali pa faragha na kukaa. Kisha daktari anauliza mgonjwa anajua nini tayari, na angependa kuambiwa kiasi gani. Kabla ya kutamka ugonjwa anatoa tahadhari kwamba habari si nzuri. Halafu anasema kwa maneno mepesi. Wazee wetu wangeutambua utaratibu huo bila kwenda darasani.

Lakini vyombo vya kupelekea habari vina sheria zake, na sheria hizo hubadilisha mpangilio tupende tusipende. Wenye umri wangu na kuzidi mnakumbuka matangazo ya vifo ya Radio Tanzania. Tangazo lilianza na jina la anayetangaza, likafuata mara moja neno "anasikitika" na kifo chenyewe, kisha lini na wapi, na mwishoni ule mlolongo wa ndugu ambao habari ziwafikie, mmoja yuko Bukombe, mwingine Maswa, mwingine Tabora. Redio haikuweza kumketisha mtu. Ilibidi iseme baya kwanza, kwa sababu msikilizaji angeweza kuzima au betri ingeweza kuisha. Kilichosaidia ni kwamba sauti ya tangazo ilijulikana. Nyumba nzima ilinyamaza kabla jina halijatajwa.

Simu ya maandishi ya posta nayo ililipiwa kwa neno, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya maelezo. Watu wakabuni njia ya huruma: badala ya kuandika kwamba baba amefariki, waliandika BABA MGONJWA SANA NJOO HARAKA. Ilisaidia mwanzoni. Baada ya miaka kadhaa kila mtu alijua maana yake, na matokeo yakawa kwamba mwenye baba mgonjwa kweli alipata simu hiyo akaanza kulia msiba usiokuwepo. Lugha ya kuficha ikitumika sana huwa haifichi tena, na inaiharibu hata habari ya kweli.

Mwaka 1999 taifa zima lilipewa habari kwa hatua. Mwalimu Nyerere alikuwa amelazwa katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas, London, akiugua saratani ya damu, na wananchi walikuwa wakielezwa hali yake siku baada ya siku. Rais Mkapa alipotangaza kifo tarehe 14 Oktoba, alikuwa anafikia ngazi ya mwisho ya ngazi ambazo watu walikwisha kuzishuka. Hakuhitaji utangulizi mrefu siku ile. Utangulizi ulikuwa wiki zilizopita.

Nirudi kwa yule kaka aliyeko Dar es Salaam, maana kwake ndipo mila yetu inapopata shida kubwa zaidi siku hizi. Familia nyingi zingemwambia tu kwamba mdogo wake ameumia, aje haraka. Sababu yao ni nzuri: safari ya basi kutoka Mbezi hadi Shinyanga ni ya zaidi ya kilomita 900, ni siku nzima, na hawataki asafiri peke yake na mzigo huo. Zamani mpango huo ulifanya kazi. Aliteremka stendi, akapokewa na wajomba wawili, akafikishwa nyumbani, akaona turubai, akaelewa akiwa mikononi mwa watu wake.

Leo ana simu mfukoni. Basi likifika Morogoro atafungua kundi la ukoo na kukuta picha ya mdogo wake imewekewa mshumaa, na chini yake watu arobaini wameandika "poleni". Amesoma baya kabla ya maelezo, peke yake, kiti cha dirishani, na juu ya hapo amejua kwamba waliompigia simu asubuhi walimficha. Afike Dodoma, afike Singida, afike Nzega, hana wa kumshika mkono.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa familia ni huu. Aambiwe kabla hajapanda basi, na aambiwe akiwa na mtu. Tafuteni ndugu, jirani au rafiki yake wa kazini aliyeko huko huko Dar es Salaam, mpigieni yeye kwanza, aende alipo, ndipo simu ya mjomba ipigwe. Na anayeongoza kundi la ukoo alifunge lisiandikwe na mtu mwingine yeyote mpaka mambo mawili yathibitishwe kwa sauti, si kwa maandishi: kwamba mama wa kijijini ameshaambiwa, na kwamba kijana wa Dar es Salaam ameshaambiwa. Picha za pale shimoni zisiingie humo kabisa.